Uchambuzi wa kisa: Video za fundi cherehani ambazo waliozihitaji hawakuzipata

Jina la akaunti, mahali ilipo na kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe vimeondolewa. Kapsheni, hashtagi na maneno ya utafutaji yameachwa karibu kama yalivyokuwa, kwa kuwa ndiyo kisa chenyewe.

## Usuli

Fundi wa cherehani mwenye uzoefu wa miaka mingi alikuwa na akaunti kwenye TikTok, Instagram na YouTube. Yeye ndiye aliyekuwa anafundisha mbele ya kamera, na kijana mmoja, ambaye hapa tutamwita msimamizi, alikuwa anarekodi, anahariri na kuposti. Walikuwa na video zaidi ya mia moja. Ubora haukuwa tatizo: mwanga ulitosha, sauti ilisikika, mkono wa fundi ulionekana kwa karibu, na kila video ilitatua hitilafu moja hadi mwisho.

Hata hivyo, mwenendo ulikuwa uleule kila mara. Video ilipata watazamaji kwa siku mbili tatu, halafu ikazima kabisa. Msimamizi alidhani dawa ni kuposti zaidi, hivyo akatoka video mbili kwa wiki hadi tano. Mwenendo haukubadilika, ila fundi alichoka.

Ishara mbili zilikuwapo tangu mwanzo, lakini hakuna aliyezisoma pamoja. Ya kwanza ilikuwa kwenye takwimu za kila video, sehemu inayoonyesha watazamaji wametoka wapi. Karibu wote walitoka kwenye ukurasa wa mapendekezo, na waliotoka kwenye utafutaji walikuwa wachache mno. Ya pili ilikuwa kwenye ujumbe wa faragha. Watu walikuwa wakiuliza, tena na tena, maswali ambayo video za fundi zilikwisha kuyajibu miezi kadhaa nyuma. Swali lipo, jibu lipo, na vyote viwili viko kwenye jukwaa lilelile, lakini havikutani. Ukiona hali hiyo, usihangaike na kamera. Kilichoharibika ni maneno yanayoizunguka video.

Hii hapa ni kapsheni mojawapo ya wakati huo:

```
Tensheni ni moyo wa mashine! Nifuate kwa mafunzo zaidi
#fyp #foryou #viral #fundi #uzi #tensheni
```

Video yenyewe ilionyesha namna ya kuondoa tatizo la uzi kujikusanya chini ya kitambaa. Isome tena kapsheni hiyo ukiwa mtu ambaye cherehani yake imefanya hivyo sasa hivi. Hamna neno "cherehani". Hamna "kujikusanya", hamna "chini", hamna "kitambaa". Kuna "tensheni", yaani mkazo wa uzi, ambalo ni jina la chanzo cha tatizo, na anayelijua chanzo kwa kawaida hana haja ya kutafuta video.

## Mambo yalivyokwenda

### Kukusanya maneno ya watu

Waliamua kusimamisha kuposti kwa wiki moja na kukusanya maneno kutoka sehemu tatu: ujumbe wa faragha, maoni chini ya video, na kisanduku cha utafutaji cha kila jukwaa. Maneno ya watu yalinakiliwa kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa ya tahajia.

Kisanduku cha utafutaji kilihitaji ufundi kidogo. Ukiandika "cherehani" peke yake, mapendekezo yanayojitokeza ni ya jumla mno. Lakini Kiswahili kinaweka viambishi mbele ya kitenzi, na hilo linakupa mlango mzuri wa kupitia. Msimamizi aliandika "cherehani ina" akasubiri bila kubonyeza kitufe cha kutafuta, yakaja "inakata uzi", "inaruka", "inapiga kelele". Alipoandika "cherehani hai", yakaja "haishoni", "haishiki uzi wa chini", "haivuti kitambaa". Kiambishi cha kukanusha ndicho kilichotoa mavuno bora kuliko vyote, kwa kuwa mtu mwenye hitilafu anaieleza kwa kusema kile ambacho mashine haifanyi. Kisha alijaribu "kwa nini cherehani" na "jinsi ya", akaendelea na herufi moja moja baada ya neno "cherehani".

Kazi hii ilifanywa kwa akaunti mpya isiyomfuata mtu yeyote wa ushonaji. Mapendekezo na matokeo ya utafutaji hufuata historia ya anayetafuta, na akaunti ya fundi ingewaonyesha dunia ya fundi, si ya mteja wake. TikTok pia ina zana iitwayo `Creator Search Insights`, iliyotoka mwaka 2024, inayoonyesha mada zinazotafutwa na zile ambazo video zake bado ni chache. Kwao ilisaidia kuthibitisha tu, kwa sababu walichohitaji ni sentensi nzima za watu, na hizo zilikuwa kwenye ujumbe wa faragha.

Mwisho wa wiki, orodha ilipangwa kwa hitaji. "Cherehani inakata uzi", "uzi unakatika", "uzi wa juu kukatika kila mara" na "kwanini mashine inakata nyuzi" yaliwekwa kundi moja, kwa kuwa wote wanne wanahitaji video ileile. Kila kundi liliandikiwa pembeni jina ambalo fundi mwenyewe angelitumia. Tofauti ilikuwa wazi: katika makundi mengi, neno la fundi halikuwamo hata mara moja kwenye maneno ya waulizaji.

### Jaribio la kwanza, lililoshindwa

Msimamizi alichukua orodha yote na kuimwaga kwenye kapsheni. Video moja ya kubadilisha sindano ilipewa hii:

```
Cherehani inakata uzi, cherehani inaruka, cherehani haishoni, cherehani
haivuti kitambaa, cherehani inapiga kelele, matatizo ya cherehani
#cherehani #fundicherehani #ushonaji #uzi #sindano #fundi #mafundi
#jifunze #elimu #fyp
```

Watazamaji kutoka kwenye utafutaji waliongezeka kidogo katika siku za mwanzo, kisha wakapungua hadi chini ya pale walipoanzia. Mkondo wa kuendelea kutazama, yaani mchoro unaoonyesha watu wanaondoka sekunde gani, ulieleza kwa nini. Wengi waliondoka ndani ya sekunde chache za mwanzo. Aliyekuja na tatizo la kitambaa kutovutwa alikuta sindano inafunguliwa, akajua amekosea mlango, akarudi kwenye matokeo na kufungua video ya mtu mwingine. Kwa jukwaa, huo ni ushahidi kwamba video hii si jibu la swali lile, na ushahidi huo una uzito kuliko neno lolote lililoandikwa kwenye kapsheni.

Kosa la pili lilikuwa kunakili kapsheni hiyohiyo kwenye majukwaa yote matatu. Kwenye Instagram, tena, hashtagi zilikuwa zinawekwa kwenye maoni ya kwanza ili kapsheni ionekane safi. Instagram yenyewe ilieleza mwaka 2021 kwamba ili posti ipatikane kwenye utafutaji, maneno muhimu na hashtagi ziwe kwenye kapsheni, si kwenye maoni. Kwa hiyo kwa muda wote huo hashtagi hizo zilikuwa mahali pasipozisaidia.

### Jaribio la pili

Walichagua video 12 tu. Nane zilirekodiwa upya kwa ajili ya TikTok na Instagram. Nne zilikuwa za zamani za YouTube, na hizo hazikuguswa picha wala sauti. Kilichobadilishwa ni maandishi peke yake: kichwa, maelezo, lebo na manukuu. Kila video ilipewa kundi moja la maneno, na hakuna makundi mawili yaliyogawana video.

## Maamuzi na sababu zake

Sentensi ya kwanza ya kapsheni ni malalamiko ya mwenye cherehani. Si jina la somo, si salamu, si msemo wa kuvutia. Sehemu kubwa ya kapsheni hufichwa mpaka mtu abonyeze kuisoma yote, hivyo maneno yanayobeba swali yalitangulizwa. Video ile ya tensheni ilirudi ikiwa hivi:

```
Cherehani inakusanya uzi chini ya kitambaa? Mara nyingi tatizo liko juu,
si kwenye bobini. Inua mguu wa cherehani kwanza, ndipo upitishe uzi upya.
Mguu ukiwa chini, visahani vya tensheni vimebana na uzi hauingii katikati
yake, kwa hiyo uzi wa juu unakosa mkazo na kujikusanya chini.
#cherehani #fundicherehani #kushona
```

Angalia neno "tensheni" limebaki, ila limehamia sentensi ya nne. Kule linawafaa wachache wanaolijua na linamfundisha asiyelijua. Angalia pia kapsheni inatoa jibu lenyewe. Msimamizi alihofu kwamba mtu akisoma jibu hatatazama video. Fundi alishikilia kwamba kupitisha uzi ni jambo la kuona kwa macho, na kwamba anayesoma "visahani vya tensheni" atataka kuonyeshwa viko wapi. Nadhani alikuwa sahihi, na kuna faida nyingine: kapsheni inayojibu hubeba, bila kulazimishwa, maneno yote jirani ambayo watu hutafuta. Hapo juu kuna "bobini", "mguu wa cherehani", "upitishe uzi" na "uzi wa juu", na hakuna hata moja lililobandikwa.

Maumbo mawili ya kitenzi, si kumi. "Inakata uzi" na "uzi unakatika" ni tatizo moja, lakini kwa mashine inayolinganisha maandishi ni mifuatano tofauti ya herufi. Majukwaa yana uwezo wa kutambua maana zinazokaribiana, ila kwa Kiswahili, ambacho neno lake moja hubadilika mwanzo na mwisho, hawakutaka kuutegemea uwezo huo peke yake. Umbo la kwanza liliwekwa kwenye sentensi ya kwanza, la pili kwenye sentensi ya tatu au ya nne, mahali ambapo mtu angelisema kwa kawaida. Kuanzia umbo la tatu kapsheni ilianza kusikika kama orodha ya jaribio la kwanza, wakaishia hapo.

Maneno yaleyale yasemwe, yaandikwe juu ya video, na yawe kwenye kava. Fundi alizoea kuanza kwa "Karibuni tena ndugu zangu". Sasa sekunde za mwanzo zilikuwa swali lenyewe: "Cherehani yako inakusanya uzi chini?" Kava lilibeba maneno manne au matano makubwa, yasiyofunikwa na vitufe vya pembeni. Kwa anayetafuta, kava ndilo humwambia kama amefika, maana kwenye ukurasa wa matokeo anaona picha kumi ndogo za mikono na mashine zinazofanana. Manukuu ya kiotomatiki yalikuwa yanakosea maneno ya ufundi, "bobini" na "tensheni" hasa, kwa hiyo kwenye YouTube walipakia faili lao la manukuu, na kwingine wakasahihisha kwa mkono kabla ya kuposti.

Hashtagi tatu hadi tano, kwa kazi ya kupanga na si ya kuvuta. Hapa ndipo walipobishana zaidi, na ndipo panapostahili maelezo.

`#fyp` na `#viral` ziliondolewa kwa sababu hazisemi chochote kuhusu kilichomo. `#fundi` iliondolewa baada ya kuifungua na kukuta simu, umeme, ujenzi na magari vimechanganyika. Kila mtu ni fundi wa kitu. `#uzi` ilikuwa mbaya zaidi: ilijaa jezi za mpira, kwa sababu mashabiki huita jezi uzi. Video ya cherehani ikipelekwa kwa mashabiki wa mpira, wataipita haraka, na kule kupitwa kunahesabiwa dhidi yake. `#ushonaji` ilijaa picha za nguo zilizokwisha kushonwa, kwa hiyo wakaitumia kwenye video mbili tu zilizohusu mshono wenyewe.

Kipimo walichokitumia ni rahisi. Fungua hashtagi, tazama posti tisa za juu. Kama angalau nusu yake zingemfaa mtu mwenye tatizo linalojibiwa na video yako, itumie. La sivyo, iache, hata kama ina posti mamilioni. Zilizopita ni `#cherehani`, `#fundicherehani` na `#kushona`, na moja ya hitilafu husika pale ilipokuwapo.

Kuna jambo la maandishi lililowagharimu hashtagi kadhaa bila wao kujua. Hashtagi hukatika penye nafasi, kistari au alama ya ritifaa. Waliandika `#kung'oasindano`, na kilichobaki kuwa kiungo kilikuwa `#kung` tu. Yaliyofuata yakawa maandishi ya kawaida. Maneno yenye ng' inabidi yaandikwe bila ritifaa ndani ya hashtagi, `#kungoasindano`, na umbo sahihi liandikwe ndani ya sentensi ya kapsheni. Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi matokeo, lakini `#FundiCherehani` husomeka vizuri zaidi, na programu zinazowasomea wasioona huweza kutenganisha maneno.

Kila jukwaa na sehemu yake. Kwenye Instagram walibadilisha sehemu ya jina kwenye wasifu, ambayo hutafutwa pamoja na jina la mtumiaji. Ilikuwa na jina la fundi na alama mbili za nyota. Ikawa jina lake likifuatiwa na "Fundi Cherehani". Sehemu hiyo inaruhusiwa kubadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14, hivyo iamuliwe kabla ya kuguswa. Kwenye YouTube, kichwa kina nafasi ya herufi 100 lakini simu huonyesha sehemu ya mwanzo tu, kwa hiyo malalamiko yalitangulia na jina la mashine likafuata. Sehemu ya lebo, ambayo YouTube yenyewe husema ina mchango mdogo na hufaa zaidi kwa maneno yanayokosewa tahajia, iliwekewa hayo tu: "charahani", "cherahani", "cherehan". Makosa hayo hayakuandikwa kwenye kapsheni wala kichwa. Fundi hakutaka kuonekana hajui kuandika jina la kazi yake, na ni haki yake.

## Matokeo

Walitazama takwimu kwa wiki nane. Kati ya video 12, saba zilianza kupata watazamaji kutoka kwenye utafutaji kwa mfululizo. Idadi kwa siku ilikuwa ndogo, na siku ya kwanza hazikuzipita video za zamani. Tofauti ilikuwa kwamba hazikuzima. Wiki ya sita ilifanana na ya tatu, wakati video za zamani zilikuwa zimekufa kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

Zile nne za YouTube ndizo zilizotoa ushahidi safi zaidi, kwa sababu hakuna kilichobadilika isipokuwa maandishi. Kwenye YouTube Studio, ukifungua vyanzo vya watazamaji kisha `YouTube search`, unaona maneno waliyoandika. Kabla ya mabadiliko, maneno ya juu yalikuwa jina la akaunti na jina la fundi. Maana yake ni kwamba walioipata ni waliokwisha kumjua. Baada ya mabadiliko, tatu kati ya nne zilionyesha sentensi za hitilafu, pamoja na kadhaa ambazo hazikuwa kwenye orodha yao. "Cherehani inafunga uzi chini" ni mojawapo. Iliongezwa kwenye maelezo ya video ileile wiki hiyohiyo.

Maoni nayo yalibadilika sura. Chini ya video za zamani watu waliandika pongezi. Chini ya hizi walieleza mashine yao: ya mkono au ya umeme, tatizo lilianza lini, wamejaribu nini. Maoni hayo yakawa chanzo kipya cha maneno.

Video tano hazikufanikiwa.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yetu, ni kuhama kutoka jina la chanzo kwenda kwenye maneno ya dalili. Mtaalamu huona uzi uliojikusanya chini na akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye tensheni ya juu. Ameruka hatua ambayo mteja bado amesimama juu yake. Kapsheni yake inaandikwa kutoka upande wa pili wa tatizo. Hili halitibiwi kwa kuongeza hashtagi, kwa sababu `#tensheni` ina upungufu uleule wa sentensi yenye neno tensheni.

Kilichofuata ni kulingana kwa ahadi na kilichomo. Kapsheni ya jaribio la kwanza ilikuwa na maneno mengi sahihi kuliko ya jaribio la pili, na bado ilishindwa. Neno linakufikisha kwenye matokeo. Kubaki kwenye matokeo kunategemea kama aliyefungua amepata alichokifuata. Ndiyo maana video moja ilipewa kundi moja. Mtu akiona kapsheni yake inataka kubeba makundi mawili, dalili ni kwamba ana video mbili.

Sasa zile tano. Tatu zilihusu marekebisho ambayo watu hawayatafuti kwa sababu hawajui kwamba yapo, kama kurekebisha wakati wa ndoano kukutana na sindano. Kisanduku cha utafutaji hakikutoa pendekezo lolote kwa maneno hayo, na hilo lilikuwa onyo lililopuuzwa. Walirekodi kwa kuwa fundi aliyapenda. Video za namna hiyo zina nafasi yake, lakini ni kwenye ukurasa wa mapendekezo na kwa mafundi wenzake, au zifikiwe kupitia dalili. Hitilafu ya ndoano humfikia mwenye mashine kama "cherehani inaruka hata baada ya kubadilisha sindano", na hiyo ndiyo ingekuwa sentensi ya kwanza.

Ya nne ilikuwa na maneno sahihi lakini ikakutana na hitaji tofauti. "Kupitisha uzi kwenye cherehani" hutafutwa zaidi na anayejifunza kwa mara ya kwanza, anayetaka kuona njia yote kutoka kwenye kigurudumu cha uzi hadi kwenye tundu la sindano, polepole. Fundi alionyesha kosa moja la wenye uzoefu, kwa sekunde 30. Wangeligundua hilo mapema kama wangefungua matokeo ya juu ya maneno hayo kabla ya kurekodi: karibu yote yalikuwa marefu na yalianza na mashine isiyo na uzi. Kutazama matokeo yaliyopo kunakuambia jukwaa limeelewa swali hilo kuwa la nani.

Ya tano, "cherehani haivuti kitambaa", ilitushangaza, kwa kuwa maneno yalikuwapo kwenye mapendekezo na jibu lilikuwa kamili: safisha vumbi kwenye meno yanayovuta kitambaa, hakikisha meno hayajashushwa, angalia urefu wa mshono usiwe kwenye sifuri. Mkondo wa kutazama ulionyesha watu wakiondoka kwenye sekunde ya kumi na kitu, wakati fundi alipokuwa bado anafungua bamba kwa bisibisi. Sababu iliyo rahisi kuliko zote, urefu wa mshono kuwa sifuri, iliwekwa mwisho. Kwa anayetafuta, mpangilio unaofaa ni kuanza na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu.

Udhaifu wa kisa hiki kama ushahidi lazima usemwe. Katika zile video nane zilizorekodiwa upya, vilibadilika kwa pamoja kapsheni, maneno ya mwanzo, kava na hashtagi, hivyo haiwezekani kusema kila kimoja kilichangia kiasi gani. Hashtagi hasa hazikupimwa peke yake. Tunaloweza kusema ni kwamba video nne za YouTube zilikuwa na hashtagi mbili tu kila moja, na tatu kati ya hizo zilipatikana kwa sentensi zilizomo kwenye vichwa na maelezo yake. Wiki nane pia ni muda mfupi kwa video ya utafutaji, na masharti ya majukwaa hubadilika: Instagram, kwa mfano, iliondoa uwezo wa kufuata hashtagi mwishoni mwa mwaka 2024, na walioitegemea njia hiyo kuwafikia watu wapya waliipoteza.

Baada ya wiki nane, msimamizi alirudi kwenye video za zamani za Instagram na YouTube, ambako kapsheni, vichwa na maelezo yanaweza kuhaririwa, akianza na zile ambazo maswali yake yaliendelea kuingia kwenye ujumbe wa faragha. Anabadilisha tano kwa wiki, anaandika tarehe ya kila badiliko kwenye jedwali, na hagusi video hiyo tena kwa siku 30 ili takwimu zisichanganyike. Ile ya kitambaa kisichovutwa inarekodiwa upya, na safari hii bisibisi inakuja mwisho.